Kukata mkojo, kukalia taulo, kutumia kidole au kupimwa: njia gani ikuonyeshe misuli ya sakafu ya nyonga?

Wanawake wengi wa Malindi na Lamu ambao mkojo huwaponyoka wakikohoa, wakicheka au wakiinua mtungi wa maji wamekwisha kuambiwa kliniki wafanye mazoezi ya kubana. Maelezo hayo aghalabu huishia hapo. Abane nini, abane vipi na pumzi iwe wapi wakati anabana, hayo huachiwa mwenyewe, naye hurudi nyumbani akabana matako na mapaja akidhani ndilo zoezi. Mwaka 1991 ulichapishwa Marekani utafiti wa wanawake 47 waliofundishwa zoezi hili kwa maneno machache tu. Takriban nusu yao ndio waliolifanya sawasawa, na robo walikuwa wakilifanya kwa namna ambayo ingeweza kuwaongezea tatizo lenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu mara ngapi kwa siku, mtu anahitaji njia ya kuhakikisha kwamba anabana mahali panapostahili.

Njia zinazopatikana kwetu ni nne, na msomaji anayesitasita kati yazo nitamwekea vipimo vilevile kwa kila moja. Kipimo cha kwanza, nacho ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, ni iwapo njia hiyo inakuonyesha mwelekeo, yaani kama unavuta juu au unasukuma chini. Cha pili ni iwapo inakuwezesha kuiona pumzi yako inafanya nini. Cha tatu ni sitara na mipaka: inafanyika wapi, na ni nani asiyepaswa kuifanya. Mwisho nitasema inamfaa nani.

Kwanza, pumzi na misuli vinavyokwenda pamoja

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, mithili ya kitanda cha kamba kilichowambwa, na juu yake vimekaa kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Juu kabisa ya tumbo kuna kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka, tumbo hutanuka, na sakafu ya nyonga nayo hushuka kidogo. Ukitoa pumzi, vyote viwili hupanda. Ndiyo maana misuli hukubali kuinuka kwa urahisi zaidi wakati pumzi inatoka.

Kosa kubwa huzaliwa hapa. Mtu aliyeambiwa "bana kwa nguvu" hujaza pumzi kifuani, hufunga koo, kisha hukaza tumbo zima. Presha inayopatikana haina pa kwenda ila chini, na sakafu ambayo ilipaswa kupanda husukumwa ishuke, kama vile mama anavyosukuma mtoto katika uzazi. Kwa ndani huhisi kwamba kuna kazi kubwa inayofanyika, na kweli inafanyika, lakini ni kinyume cha ile iliyotakiwa. Ukali wa jitihada si dalili ya kwamba zoezi limekaa sawa. Aghalabu zoezi sahihi huonekana dogo mno hata mtu akatilia shaka kama amefanya kitu.

Kukata mkojo katikati

Hii ndiyo njia inayojulikana zaidi, na wakunga wengi huitaja. Ukiwa chooni, mkojo ukiwa unatoka vizuri, unajaribu kuukata kwa sekunde moja au mbili, kisha unauachia utoke wote. Misuli iliyoukata ndiyo hiyo.

Kuhusu mwelekeo, jibu lake ni la wazi: anayesukuma hawezi kukata mkojo, bali utatoka kwa kasi zaidi. Hata hivyo haikuonyeshi kama umesaidiwa na mapaja na matako, na ukishindwa kuukata haimaanishi kwamba huna misuli, kwa kuwa mkojo mwingi unaotoka kwa kasi ni mgumu kuzuia hata kwa mtu mzima wa afya. Pumzi ndipo inapokuwa dhaifu kabisa, maana karibu kila mtu hushika pumzi akijaribu jambo hili, na chooni hakuna nafasi ya kujichunguza. Sitara yake haina mfano, kwa sababu hakuna anayejua unachofanya.

Mpaka wake ni mmoja na lazima uheshimiwe. Hiki ni kipimo cha mara moja, au mara moja baada ya wiki kadhaa ukitaka kujikagua, wala si zoezi la kila siku. Anayekata mkojo kila aendapo chooni hukichanganya kibofu, na anaweza kubakisha mkojo ambao haukutoka. Mwenye maambukizi ya njia ya mkojo, au ambaye tayari hupata taabu kumaliza mkojo wote, asiifanye kabisa. Inamfaa mtu ambaye hajawahi kuihisi misuli hii hata kidogo na anataka tu kujua ilipo.

Kukalia taulo lililokunjwa

Chukua taulo dogo la mikono, likunje liwe kama mchi mfupi, kisha ulilaze juu ya kiti kigumu cha mbao au juu ya baraza ya nyumbani, kutoka mbele kwenda nyuma, ili ukikalia ligusane na msamba, yaani mahali palipo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kochi laini halifai, kwa kuwa unazama na huhisi chochote. Keti wima ukiinama mbele kidogo, miguu yote miwili chini. Sasa fikiria kwamba umo katika majlisi na upepo unataka kukutoka, na huna budi kuuzuia bila ya mtu kukutambua. Huo mvuto wa nyuma uendeleze uje mbele, kuelekea kinena.

Ukifanya sawa, utahisi msamba unalikimbia taulo na uzito wako juu yake unapungua. Ukisukuma, taulo litakukandamiza zaidi. Mwili wote ukipanda juu kwa sentimita moja au mbili, hayo ni matako. Ishara hizi tatu hutofautiana wazi, na ndiyo sababu njia hii naipenda kwa kuanzia, ingawa si makini kama kidole. Aliyenenepa sana au aliyepoteza hisi za msamba kwa jeraha la uzazi anaweza kukaa muda mrefu asitambue tofauti yoyote, na huyo asijilaumu bali abadilishe njia.

Kwenye pumzi, taulo linawashinda wenzake wa nyumbani. Mikono yako yote miwili iko huru: mmoja unauweka chini ya kitovu, mwingine ubavuni. Tumbo likijitokeza mbele kwa kishindo unapobana, unasukuma. Mbavu zikipanda na kuganda huko juu, umeshika pumzi. Unaweza pia kuhesabu kwa sauti, kwa sababu koo lililofungwa haliwezi kutamka. Yote haya hufanyika ukiwa umevaa, mlango umefungwa, hata siku za hedhi na hata katika swaumu, na aliyejifungua hivi karibuni anaweza kujaribu polepole mradi haumii kukaa.

Tazama mfano wa mama mmoja wa Malindi, mwenye watoto watatu na mdogo wa miezi saba, ambaye mkojo humtoka kila anapoinua mtungi wa lita 20. Amefanya zoezi kwa wiki kadhaa asione nafuu. Anapokaa juu ya taulo na kuambiwa abane kama alivyozoea, mabega yanapanda, uso unakaza, tumbo linajitokeza chini ya kiganja, na mwenyewe anasema taulo limemgusa zaidi. Basi anaambiwa aache kubana kwa mara kadhaa, apumue tu mpaka ahisi tumbo linatanuka na kurudi. Kisha anatoa pumzi taratibu kwa sauti ya "sss", na katikati ya sauti hiyo anazuia upepo kwa nguvu kidogo tu, ile ambayo angeita theluthi ya nguvu zake. Mara ya tatu au ya nne anasema, "Limeniachia." Mkono wa tumboni hauhisi mjitokezo wowote, ila eneo la chini ya kitovu limeingia ndani kidogo, jambo ambalo ni la kawaida. Anaweza kushika kwa sekunde tatu tu kabla ya kulegea. Sekunde hizo tatu ndizo kipimo chake cha kuanzia, na kumtaka ashike kumi siku hiyo ni kumrudisha katika kushika pumzi.

Kidole au kioo

Baada ya kunawa mikono na kukata kucha, mwanamke hulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, au husimama akiwa ameweka mguu mmoja juu ya kigoda, kisha huingiza kidole kimoja ukeni hadi kiungo cha pili. Akibana sawa, kidole hukumbatiwa pande zote na kuvutwa ndani na juu. Akisukuma, kidole hutolewa nje. Kwa mwelekeo hakuna njia ya nyumbani iliyo wazi kuliko hii, na inaonyesha pia kitu ambacho taulo halikionyeshi vizuri: kama misuli inalegea kabisa baada ya kubana au inabaki imekaza.

Asiyetaka kuingiza kidole ana njia mbili za kando. Ya kwanza ni kioo kidogo cha mkononi, akiwa ameegemea mto: msamba unapaswa kuingia ndani na njia ya haja kubwa kujikunja, na ukituna kuelekea kwenye kioo, hiyo ni kusukuma. Akikohoa mbele ya kioo hichohicho ataona pia kama sakafu yake inastahimili au inatuna. Ya pili ni kuweka ncha za vidole juu ya msamba, hata juu ya nguo, na kuhisi kama unajitenga na vidole. Binti ambaye hajaolewa hana haja ya kuvuka hapo.

Pumzi hapa hufuatiliwa kwa mkono mmoja uliobaki, unaowekwa tumboni. Inatosha, ila kujipinda ili kufikia au kutazama humfanya mtu abane tumbo bila kujua, kwa hiyo apange mito vizuri kwanza.

Mipaka yake ni mingi kuliko ya taulo. Asiingize kidole aliyejifungua na vidonda vyake havijapona, ambapo kwa kawaida husubiriwa ukaguzi wa wiki ya sita, wala mwenye uchafu unaonuka, maumivu au damu isiyoeleweka, wala mjamzito aliyeonywa na daktari. Kwa wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, kuingiza kidole hubatilisha swaumu, na kugusa tupu kwa kiganja hutengua udhu. Mwezi wa Ramadhani kipimo hiki kiwe usiku, na siku nyingine kiwe kabla ya kutawadha. Kinamfaa aliyejaribu taulo akabaki na shaka, na anayeona jambo la mwili wake mwenyewe halimtatizi.

Kupimwa na mtaalamu

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea afya ya nyonga, au mkunga na daktari mwenye ujuzi huo, hueleza kwanza, huomba ridhaa, kisha hupima kwa kidole chenye glavu. Hupima nguvu, muda ambao misuli inashika, marudio inayoweza na namna inavyolegea. Baadhi wana kifaa kinachoonyesha mbano kwenye skrini, au hutumia mashine ya altrasaundi juu ya tumbo ili mwenyewe aone kibofu kikiinuliwa. Wazo la kumwonyesha mgonjwa si geni. Daktari Arnold Kegel wa Marekani, ambaye mazoezi haya huitwa kwa jina lake, alipoyachapisha mwaka 1948 aliyafundisha kwa kifaa cha kupimia presha ambacho mwanamke alikitazama akibana. Kadiri miaka ilivyopita watu walikiacha kifaa wakabaki na maneno, na nadhani tumelipa gharama ya jambo hilo.

Mwelekeo na pumzi vyote huonekana na jicho la pili, jambo ambalo njia za nyumbani haziwezi. Zaidi ya hayo, mtaalamu ndiye pekee anayeweza kugundua kwa uhakika misuli iliyokaza kupita kiasi. Mtu wa namna hiyo huumia katika tendo la ndoa, mkojo humtoka kwa kukatikakatika, na choo humtaabisha. Mazoezi ya kubana humzidishia, kwani anachohitaji kwanza ni kujifunza kulegeza.

Sitara hapa ni suala la kuomba mapema: una haki ya kutaka mpimaji wa kike na kuingia na dada yako au mwanamke mwingine. Gharama na safari ndizo zinazozuia. Anayetoka Faza au Kiunga hatafunga safari ya boti kwa jambo ambalo huenda halipatikani siku hiyo, kwa hiyo apige simu kwanza na kuuliza waziwazi kama kuna mtu anayepima misuli ya sakafu ya nyonga, si fiziotherapia ya mgongo na magoti tu.

Pumzi: kubana ukitoa, au kubana huku ukipumua kawaida

Mtu akishaipata misuli, hukutana na uchaguzi wa pili, na walimu hutofautiana.

Kubana ukitoa pumzi ndiko kulikomfaa mama wa Malindi hapo juu. Mwili unakusaidia, kusukuma kunakuwa kugumu, na kosa hujitangaza lenyewe kwa sauti kukatika. Udhaifu wake ni kwamba pumzi ya mtu wa kawaida inaisha kwa sekunde nne au tano. Anayetaka kushika zaidi huanza kukamua mabaki ya hewa kwa misuli ya tumbo, na kule kukamua kunaishusha tena sakafu aliyoiinua. Kosa jingine ni kupuliza kwa nguvu kana kwamba anawasha mkaa.

Kubana huku pumzi ikiendelea kuingia na kutoka kunawezesha mbano mrefu, hadi sekunde nane au kumi, na ndivyo misuli inavyotumika mchana kutwa mtu akitembea na kubeba. Ila kwa anayeanza, pumzi ya kwanza kuingia huiachia misuli yote bila yeye kutambua, naye huendelea kuhesabu akiwa hajabana kitu. Dalili ni kwamba mwisho wa hesabu hahisi chochote kinachoachia. Mbano uliokuwapo huacha hisia ya kushuka unapolegezwa. Usipoihisi, ulikwisha kupotea njiani.

Kwa njia yoyote, kulegea kupewe muda usiopungua ule wa kubana, na pumzi ya kuvuta iruhusiwe kushuka mpaka tumboni. Wapo wanaonyonya tumbo ndani siku nzima kwa kudhani wanaisaidia sakafu, hali ambayo huifungia pumzi kifuani na kuisukuma presha chini.

Uanze wapi, kwa hali yako

Ikiwa umejifungua ndani ya wiki sita zilizopita, tumia taulo au ncha za vidole juu ya nguo, mbano mwepesi ukitoa pumzi, na usikate mkojo wala kuingiza kidole.

Ikiwa mkojo hukutoka ukikohoa au ukiinua kitu, na huna maumivu, anza na taulo na uthibitishe kwa kidole au kioo. Ukishakuwa na uhakika, kiwango kinachopendekezwa na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ni mibano isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Shika kwa sekunde ulizopimia mwenyewe, na uhamie kwenye kupumua kawaida pindi pumzi moja inapokuwa haitoshi. Jizoeze pia kubana kabla ya kikohozi na kabla ya mtungi kuondoka chini, pumzi ikitoka wakati unainua.

Ikiwa huhisi kitu kwa taulo wala kidole, au kila ukijaribu unasukuma, nenda ukapimwe, kwani kurudia kosa kwa miezi mitatu hakulisahihishi. Nenda pia ukapimwe ikiwa kuna nyama inayoshuka ukeni, au una zile dalili za misuli iliyokaza.

Kwa mwanamume, hasa baada ya upasuaji wa tezi dume, taulo na msamba hufanya kazi vilevile, na mbele ya kioo ataona shina la uume likivutwa ndani na korodani zikipanda. Kama bado ana mpira wa mkojo, asubiri mpaka utolewe na daktari wake amruhusu.

Ikiwa mkojo unatiririka mchana na usiku bila kukoma baada ya uzazi mgumu, huenda ni nasuri, yaani tundu lililotoboka kati ya njia ya mkojo na uke, ambayo hutibiwa kwa upasuaji na hakuna mbano utakaoiziba. Damu katika mkojo, homa au kushindwa kukojoa navyo ni mambo ya kumwona daktari siku hiyohiyo, kabla ya kukunja taulo lolote.